Manyanga ya chupa, kisha kalimba: kumwanzishia muziki mtoto wa miaka sita

Nimemaliza likizo na mpwa wangu wa miaka sita, na hii ndiyo njia tuliyopita.

1. Manyanga. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, zikauke kabisa ndani. Tia choroko kwenye moja na mchele kwenye nyingine, zisizidi robo ya chupa. Ukijaza, mbegu hazina pa kurukia na sauti inakufa. Paka gundi kwenye kifuniko ukifunge, hasa kama nyumbani kuna mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni.

2. Mapigo. Wewe imba, yeye atikise. Akiweza kushika mapigo wimbo mzima bila kukukimbia, yuko tayari kwa hatua inayofuata.

3. Kalimba. Filimbi ya plastiki siipendi kwa umri huu, maana vidole vidogo haviyazibi matundu vizuri, ikabaki kupiga kelele. Kalimba, ala ya ndimi za chuma zilizobanwa juu ya ubao, ndugu wa ilimba ya Wagogo, hutoa sauti safi kwa mguso wa kwanza wa gumba. Tulinunua ya ndimi 17.

4. Kuitia sauti. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Yetu ilifika imeharibika sauti njiani, na mtoto akasema, "Mjomba, hii inalia vibaya." Nilipakua programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikagonga ndimi hadi nikachoka, na hazikukubali. Kumbe programu ilikuwa kwenye mpangilio wa gitaa, ikitafuta nyuzi sita tu! Kwa hiyo, kabla ya kugusa nyundo, iweke isome noti zote.

Anza na ulimi mrefu wa katikati, ambao simu inapaswa kuuonyesha kama C4. Sauti ikiwa chini, gonga ncha ile ya kuchezea ili ulimi urudi nyuma. Sehemu inayotetema inafupika na sauti inapanda. Ikiwa juu, gonga ncha ya upande wa pili. Gonga taratibu sana, upime kila baada ya pigo moja. Ndimi fupi za pembeni zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu zikisogea kidogo tu sauti inabadilika sana.

Ulimi ukikoroma, tatizo si noti. Usogeze kidogo kushoto au kulia ukae vizuri juu ya daraja, ule ukingo ambao ndimi zimelalia. Ukiendelea kukoroma, penyeza kipande chembamba cha karatasi kati yake na daraja.

5. Ndimi tano tu. Paka rangi ya kucha kwenye ulimi wa katikati, wa kwanza na wa tatu kushoto, kisha wa kwanza na wa pili kulia. Hizo ni C, D, A, E na G, na kwa mpangilio wowote atakaozipiga hazigombani. Wa pili kushoto, F, uache bila rangi. Mpwa wangu alitunga kawimbo kake siku ya tatu, nami nikamfuata kwa manyanga ya choroko.