Namna ya kuwaeleza wanakijiji jinsi ya kuchaji simu kibandani bila kuleta moto

Vibanda vya kuchaji kwa sola nimevifunga na kuvitengeneza katika visiwa vya Lamu. Kazi ya waya hainichoshi. Kinachonichosha ni kumweleza mtu kwa nini nimekataa kuchaji simu yake, hali ameshatoa pesa na nyuma yake kuna foleni. Ndiyo maana siku hizi, kibanda kipya kikifunguliwa, naomba kwanza kukaa na watu barazani. Hivi ndivyo ninavyofanya, na mfano wangu ni kijiji cha wavuvi upande wa Kiwayu.

Hatua ya 1: Omba nafasi, kisha kusanya vitu vyako

Nenda kwa mzee wa kijiji umwombe wakati baada ya swala ya alasiri. Wavuvi wengi huwa wamerudi, na mwanga bado upo wa kuona vitu vidogo. Umwambie pia kuwa akina mama wawepo, wakae watakapoona meza, kwa sababu mara nyingi mtoto anayetumwa kibandani na simu tatu hutumwa na mama.

Vitu ni vichache: kigae laini au kipande cha kioo, betri mbili za mulika mwizi za aina moja, moja nzima na moja iliyofura, na sahani ya rangi nyeusi. Asubuhi ya siku hiyo tia maji ya bahari kidogo kwenye sahani uiache juani. Betri iliyofura ibebe ndani ya kopo, vichwa vyake umevifunika kwa utepe. Usiibonyeze, usiitoboe, wala usikubali kijana yeyote "aikande irudi". Anayetaka kufanya hivyo hakosekani.

Hatua ya 2: Zungusha betri kama pia

Anza na hili kabla ya maneno mengi. Laza betri nzima juu ya kigae, uisukume pembeni kwa kidole. Itateleza kidogo na kusimama, kwa sababu tumbo lake lote limegusa kigae. Kisha laza ile iliyofura, uisukume vilevile. Itazunguka kama pia ya watoto, kwa kuwa imebaki kukalia kitovu tu. Watu watacheka. Waache wacheke, kisha mwite mtu mmoja aje azungushe betri ya simu yake mwenyewe. Pale Kiwayu walijipanga wenyewe bila kuitwa, na betri mbili kati ya zile zilizoletwa zilizunguka.

Hapo ndipo ueleze kilichomo. Ndani ya betri kuna tabaka nyembamba sana zilizolowa dawa inayoshika moto. Joto, uzee au kuchajiwa kupita kiasi huiharibu dawa ile, ikatoa gesi, na gesi ikakosa pa kutokea. Betri ya kawaida ya simu imeandikwa volti 3.7, na nyingi hutakiwa kusimama kuchaji zikifika volti 4.2. Chaja ya kubana, ile yenye meno mawili ambayo betri hutolewa kwenye simu na kubanwa peke yake, mara nyingi haina uangalifu wa kukata umeme hapo. Mimi siiweki kibandani kabisa, na nasema hivyo mbele ya watu ili mwenye kibanda asije akalaumiwa yeye.

Simu zisizofunguka mgongo huwezi kuzizungushia betri. Zilaze chali mezani: ikiwa simu inapepesuka kwa kuguswa pembe, au kioo kimeanza kunyanyuka na mwanya kuonekana, jibu ni lile lile. Haichajiwi.

Utaulizwa, "Lakini bado yashika chaji, fundi, kwa nini nisiitumie?" Usimkatalie kwamba inashika. Mwambie kwamba kuchaji ndiko kunakoongeza gesi, na kwamba kibandani simu yake inalala ubavuni mwa simu za jirani zake ishirini.

Hatua ya 3: Toa sahani ya chumvi

Hapa ndipo wavuvi wanapobishana zaidi, kwa sababu kila mmoja ana simu iliyowahi kutumbukia ikapona. Mvuvi mmoja aliwahi kuniletea simu iliyoanguka ndani ya mashua siku mbili nyuma. Alikuwa ameianika, ameitia kwenye mchele, na kweli ilikuwa kavu. Nilipochomeka waya, mdomo wa chaji ukapata moto mpaka plastiki ikaanza kunuka. Nilichomoa upesi, lakini mdomo ule ulikuwa umeshaungua.

Basi wapitishie ile sahani. Maji yameondoka, na ule ukungu mweupe uliobaki ni chumvi. Waguse, waonje wakitaka. Ndani ya simu ni hivyo hivyo: chumvi hubaki kwenye vyuma vya mdomo wa chaji, hunyonya unyevu wa hewa yetu ya pwani, na umeme hupata njia ya kuvuka pasipo njia. Mchele hauiondoi.

Kwa hiyo sheria ya kibanda ni kuwa simu iliyoingia maji ya bahari haichomekwi hata ikikauka. Izimwe, betri itolewe kama inatoka, ipelekwe kwa fundi aifungue na kuisafisha. Mhudumu naye aangalie kila mdomo wa chaji kwa tochi kabla ya kuchomeka. Akiona kijani au weupe, arudishe simu.

Hatua ya 4: Onyesha simu zinakolala

Wapeleke watu mpaka kibandani, ni hatua chache tu. Betri za simu hazipendi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za joto, na ndani ya kibanda cha mabati wakati wa kaskazi joto hilo si mbali. Simu zisirundikwe wala kufunikwa leso dhidi ya vumbi. Zipangwe moja moja, nafasi ya vidole viwili kati yake, juu ya kigae au saruji. Mkeka na kitambaa havifai, na rafu isiwe chini kabisa ya makuti. Kila nusu saa mhudumu apitishe mgongo wa mkono. Simu ya uvuguvugu ni kawaida. Ile inayomfanya auondoe mkono ichomolewe, ipoe kivulini.

Hatua ya 5: Igizeni moto

Fanyeni kwa vitendo, mhudumu mbele. Akiona moshi, azime swichi kuu kwanza, kisha awatoe watu wasimame upande upepo unakotokea, maana moshi ule ni sumu. Simu inayowaka haishikwi kwa mkono. Ndoo ya mchanga iwe mlangoni: mchanga huzuia moto usirukie makuti, lakini hauipoozi betri, inaweza kuwaka tena chini yake. Umeme ukishakatwa, maji mengi ndiyo yanayopoza betri ndogo kama hizi. Yakikosekana, isukumeni nje kwa jembe, ikae mbali na nyumba.

Kabla ya kuondoka, zile betri mbili za Kiwayu wenyewe waliniachia. Tulizifunika vichwa kwa utepe, tukazitia kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, likawekwa nje kivulini. Mama mmoja akauliza kwa nini zisichomwe tu na takataka za jioni. Nilimwonyesha mtoto aliyekuwa amesimama karibu na jaa, nikamwambia betri ikitiwa motoni hupasuka na kurusha vipande.