Nusu ya ndoo si lita kumi

Kiangazi hiki nimeitwa kwenye bustani tatu za mbugani hapa Uyui, na zote tatu nyanya zimeungua kingo za majani. Wenye bustani walikuwa wanailaumu dawa. Kwa mmoja wao nikaomba achanganye mbele yangu kama kawaida yake. Kibandiko cha chupa yake kinasema mililita 30 kwa lita 10 za maji. Dawa akapima vizuri kabisa kwa kizibo chenye mistari, kisha akajaza maji hadi katikati ya ndoo ya lita 20, akasema, "Lita kumi hizo, bwana shamba."

Hazikuwa lita kumi. Zilikuwa lita nane na kidogo.

Itazameni ndoo yenyewe. Mdomo ni mpana, kitako ni chembamba, kwa hiyo umbo lake ni la pia iliyokatwa ncha na kupinduliwa juu chini. Maji ya nusu ya chini yanakaa kwenye sehemu nyembamba, ya nusu ya juu yanakaa kwenye sehemu pana. Ukigawa kina katikati hujagawa maji katikati. Debe la bati lenye kuta zilizosimama wima halina shida hiyo, na nadhani mazoea haya tumeyatoa huko.

Tuliipima ile ndoo kwa ndani. Mdomo una kipenyo cha sentimita 30, kitako 22, na kina ni 36. Kitako msikikadirie kwa nje, maana plastiki ina unene na chini kuna ukingo. Kata kijiti hadi kilale sawasawa sakafuni mwa ndoo, kikivuka katikati, kisha kipime kwa rula. Halafu gawa vipenyo kwa mbili: mdomo 15, kitako 11. Anayesahau kugawa atapata ujazo mara nne ya ukweli, na nimeshaona mtu akiandika lita 77 kwa ndoo anayoibeba kichwani!

Kanuni yake ni hii, R ikiwa nusu kipenyo cha juu, r cha chini, na h kina:

V = 3.14 × h × (R² + R×r + r²) ÷ 3

Ndoo ikijaa hadi ukingoni: 225 + 165 + 121 ni 511. Zidisha kwa 36 na kwa 3.14, gawa kwa 3, unapata sentimita za ujazo 19,255, yaani lita 19 na robo. Hata hizo 20 zenyewe hazifiki.

Sasa nusu ya kina, sentimita 18. Pale uso wa maji una nusu kipenyo cha 13. Hesabu inakuwa 169 + 143 + 121, jumla 433. Zidisha kwa 18 na 3.14, gawa kwa 3: lita 8.16. Mililita 30 ndani ya maji hayo ni dawa iliyozidi kwa zaidi ya moja ya tano. Na mfukoni je? Chupa ya mililita 300 iliyotakiwa kutoa lita 100 za mchanganyiko inakwisha kwenye lita 82 hivi. Unalipa zaidi ili uunguze nyanya zako mwenyewe.

Mstari wa kweli wa lita 10 kwenye ndoo hii uko sentimita 21.4 kutoka sakafuni. Tuliupata hivi: kutoka kitako hadi mdomo nusu kipenyo kinaongezeka sentimita 4 kwa kina cha 36, yaani sentimita moja kila ukipanda 9. Kwa hiyo kwenye 21.4 nusu kipenyo ni karibu 13.38, na kanuni inatoa lita 10 na kijiko kikubwa kimoja juu yake. Mstari wa lita 5 uko 11.7, wala si 9, robo ya kina.

Asiyetaka hesabu achukue chupa ya maji ya lita moja na aweke alama pale maji yalipofika KABLA ya kuifungua, kwa sababu ukiijaza hadi shingoni inazidi lita. Mimina mara kumi, ndoo ikiwa mahali tambarare, kisha kwaruza mstari kwa msumari ndani na nje. Mstari wa ndoo yako usimwazime jirani. Ndoo mbili zilizoandikwa lita 20 zinaweza kutofautiana vitako, na mstari ukahama. Na ndoo ya dawa ibaki ya dawa. Nimeikuta moja kisimani, sitaki kuikuta tena.

Ukijaza maji matupu hadi mstarini, ukayapima kwa ile chupa ya lita moja na yakatoka mara kumi kamili, mstari wako uko sawa.