Injera isiyotoboka vizuri: angalia wakati wa kufunika

Unga wa tefu uliochachuka siku 3 unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini injera, ule mkate mpana wa Kiethiopia, ikatoka bapa, bila macho, yaani vile vitundu vya juu. Mara nyingi kosa ni kufunika mapema. Mvuke ukibanwa kabla matundu hayajafunguka, uso wa juu hulowa na kujifunga.

Mitadi (lile bamba pana la Kiethiopia) iwe moto kiasi cha tone la maji kurukaruka. Mimina rojo, lenye uzito wa uji mwepesi, ukizunguka kutoka ukingoni hadi katikati, kisha acha wazi. Macho yakishaenea karibu uso wote, ndipo ufunike, dakika 1 hadi 2. Usigeuze: chini huiva kwa bamba, juu kwa mvuke, na ukigeuza unayaponda macho yanayopaswa kunyonya mchuzi.

Ikiwa macho hayaji hata ukiwa umeacha wazi, bamba limepoa au rojo ni zito. Ongeza maji vuguvugu kidogo kidogo. Kingo zikijinyanyua zenyewe, imeiva. Futa maji ya ndani ya kifuniko kabla ya kumimina nyingine.