Kabla hujauza simu ya zamani, malizana na benki

Simu mpya ikiingia mkononi, watu hukimbilia kuhamisha picha na WhatsApp, na jioni ile ya zamani imeshapata mnunuzi. Tulia. Kama unatumia aplikesheni ya benki, simu ya zamani ibaki nzima, ina chaji na laini yake iko ndani, mpaka uwe umeingia kwenye akaunti kwa simu mpya na kuliona salio lako kwa macho. Usiifute, usiiuze, usimpe mtoto.

Sababu ni hii. Unapojisajili mara ya kwanza, aplikesheni hutengeneza ufunguo wa siri na kuuhifadhi kwenye sehemu ya simu ambayo imeundwa isiutoe nje. Benki hubaki na ufunguo mwenzake, kisha huandika kwamba mteja huyu anatumia kifaa hiki. Mwizi akiijua PIN yako lakini ameshika simu nyingine, anakataliwa. Lakini na wewe ukihamisha kila kitu kwenda simu mpya, ule ufunguo hauhami, na aplikesheni itafika haikujui. Lazima ujisajili upya. Benki nyingi huruhusu kifaa kimoja tu, hivyo mpya ikikubaliwa, ya zamani inafungiwa papo hapo. Inafungiwa ili aliyeinunua au aliyeiokota asikute mlango wazi.

Kuwa na bando na salio la meseji. Kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki viwe karibu. Usifanye kazi hii usiku wa kuamkia siku ya kulipa ada.

Sasa jambo linaloumiza watu kuliko yote: namba ya simu ambayo benki inayo. OTP, yaani namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa meseji, haiji kwenye laini unayoipenda; inakwenda kwenye namba uliyoandika ulipofungua akaunti, hata kama ulishaisahau. Mama yangu mdogo alifungua akaunti miaka mingi nyuma kwa laini aliyonunuliwa na mumewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Mume akafariki, laini ikabaki kwenye simu ya zamani ya mama mdogo pamoja na aplikesheni, mambo yakaenda vizuri. Aliponunua simu mpya akaweka laini nyingine, ya jina lake. Kijana wake akaifomati ya zamani, akaiuza Kariakoo, na ile laini ikatupwa.

Kwenye simu mpya aplikesheni ikasema OTP imetumwa. Akasubiri, akaomba tena, akaomba tena, mwisho ikamfungia. Dalili ilikuwepo kwenye kioo tangu mwanzo: tarakimu za mwisho za namba iliyotumiwa meseji hazikuwa za laini yake. Akaenda duka la mtandao kurudisha laini. Alipoweka kidole, mashine ikakataa, kwa kuwa mwenye laini ni marehemu. Ikabidi aende tawini na kitambulisho, ajaze fomu ya kubadilisha namba, ahakikiwe alama za vidole, kisha asubiri. Fedha zilikuwa salama muda wote, na kwa kadi aliweza kutoa kwenye mashine, lakini hilo hakuna aliyemwambia mapema. Alikuwa amelia bure siku nzima akidhani ameibiwa.

Kwa hiyo, simu ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, fungua sehemu ya taarifa zako kwenye aplikesheni, au piga huduma kwa wateja, uulize namba iliyosajiliwa inaishia na ngapi. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya benki isipokuwemo humo, nenda tawini kwanza, simu mpya isubiri. Na usirudishe laini na kubadilisha simu siku moja. Benki ikiona laini imebadilishwa na kifaa nacho ni kigeni, inaweza kukuzuia kwa muda, maana hivyo ndivyo wezi wa laini wanavyofanya.

Ukinunua simu iliyotumika, hakiki toleo la Android kabla ya kulipa. Toleo la zamani sana ambalo halipati tena marekebisho ya usalama hukataliwa na aplikesheni nyingi za benki, na simu iliyo-“root”, yaani iliyofunguliwa kinga za mfumo wake, hukataliwa hata ikiwa mpya. Muuzaji akubali uipakue aplikesheni hapo dukani, uone kama inafunguka.

Ukishaingia, tuma kiasi kidogo ujaribu, halafu ndipo uifute ya zamani na kutoa laini. Pakua kutoka Play Store au App Store tu, kamwe si kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Na wakati huohuo akikupigia mtu anayejiita wa benki, akitaka umtajie OTP “akamilishe usajili”, kata simu. Fundi naye asikusaidie kuandika PIN, hata kama ni jirani.