Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanga Bajeti ya Mzazi Mmoja Baada ya Kutengana

Wanandoa wanapotengana, wengi huichukua bajeti ya zamani na kuikata katikati, kana kwamba nusu ya familia hutumia nusu ya fedha. Gharama hazigawanyiki hivyo, kwa sababu pango sasa ni mbili na majiko ni mawili, na kazi zilizokuwa zikifanywa bure na watu wa nyumbani zinaanza kulipiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, mzazi anayebaki na watoto aandike kwanza mambo yote ambayo mwenzake, pamoja na ndugu wa mwenzake, alikuwa akiyafanya bila fedha kupita mkononi mwake yeye.

Tuchukue mfano wa mama mwajiriwa wa Dar es Salaam, ambaye baada ya kodi na makato ya NSSF hupokea shilingi 730,000 kwa mwezi. Ana mtoto wa miaka 9 katika shule ya msingi ya serikali na mwingine wa miaka 4. Walipokuwa pamoja, mume alilipa pango, alimpakia mkewe kwenye pikipiki kila asubuhi hadi kazini, na bibi mzaa baba ndiye aliyekaa na mdogo. Mama huyu alijua bei ya unga na mafuta ya kula kwa kichwa, lakini nauli na malezi ya mchana havikuwahi kuonekana kwenye daftari lake. Alipohama, viwili hivyo peke yake vilidai 140,000 kwa mwezi, yaani 60,000 za daladala za kuunganisha, kwenda na kurudi, na 80,000 za dada wa kazi.

Jambo linalohitaji maandalizi ya mapema zaidi ni pango, kwa kuwa wenye nyumba wengi jijini hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Vyumba viwili vya 120,000 kwa mwezi vinaonekana kuwa ndani ya uwezo wa mshahara huo, lakini siku ya kukabidhiwa funguo zinatakiwa 720,000, na dalali naye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, hivyo jumla ni 840,000 kabla hajalipa hata gari la kubebea vitanda. Fedha hiyo inazidi mshahara wote wa mwezi. Ni vyema itafutwe kabla ya kuhama, kwa mfano kwa kungoja mgao wa kikoba ikiwa uko karibu, au kwa kumwomba mwenye nyumba apokee miezi mitatu. Wanaohama kwanza ndipo watafute fedha huishia kwenye mikopo ya kausha damu, na rejesho la kila wiki huila bajeti mpya kabla haijatimiza mwezi. Akishaingia, kila mshahara utoe 120,000 na kuziweka kando mwezi uleule, kwani miezi sita ijayo itadaiwa tena 720,000.

Hapo ndipo hesabu ya mwezi inapoweza kupangwa. Chakula 240,000, akiba ya pango 120,000, dada wa kazi 80,000, nauli 60,000, umeme, maji na gesi 90,000, akiba ya shule 40,000, na sabuni, vocha, dawa na mengineyo 55,000. Jumla ni 685,000. Yanabaki marejesho ya mkopo wa Saccos aliouchukua enzi za ndoa, 75,000 kwa mwezi kwa miezi 12 iliyosalia, na hapo matumizi yanafika 760,000. Amepungukiwa 30,000 kila mwezi. Upungufu wa namna hii ni mdogo kiasi cha kuzibwa kwa kukopa duka la mtaani, na ndiyo maana ni wa hatari, maana hauonekani mpaka mwenye duka afunge daftari lake.

Njia ya kuuziba ni kwenda Saccos kabla ya kukosa rejesho hata moja, na kuomba muda urefushwe. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayopigwa kwenye salio, deni hilo linaweza kulipwa kwa takriban 45,000 kwa miezi 21. Atalipa jumla ya 945,000 badala ya 900,000, na hizo 45,000 za ziada ni gharama halisi ya kupumua. Kwa maoni yangu inastahili, mradi aombe akiwa bado mkopaji mzuri, kwa sababu aliyekwisha kuchelewa miezi miwili husikilizwa kwa sikio jingine. Wakati huohuo aangalie ni nani waliomdhamini. Kama mume ni mdhamini wake, au yeye ni mdhamini wa mume, kutengana hakufuti saini hizo.

Msomaji ameona kwamba hesabu hiyo haina fedha ya matunzo kutoka kwa baba. Nimeiacha kwa makusudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwekea baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa naye au kwa mtu mwingine, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama ipime kipato na mali za wazazi wote wawili pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Daftari la matumizi la miezi miwili au mitatu, lenye risiti za shule na dawa, basi, ni kitu cha kubeba anapokwenda kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani. Lakini haki ya kupata na fedha iliyofika ni vitu viwili, na pango likitegemea muamala usiofika, familia hukosa pa kukaa.

Tuseme wamekubaliana baba atoe 150,000. Makubaliano yaandikwe yakiwa na tarehe na njia ya kulipa, kwa mfano tarehe 5 ya kila mwezi kwa simu, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mama mwenyewe, na jumbe za miamala zisifutwe. Fedha hiyo ielekezwe kwenye mambo yanayoweza kusubiri, yaani akiba ya dharura, nguo, na kuuwahisha mkopo. Ikifika miezi sita mfululizo bila kukatika, sehemu yake inaweza kuingizwa kwenye matumizi ya kila mwezi. Baba asiyependa kutuma fedha taslimu aombwe abebe jambo zima, kama vile sare au matibabu, na hapo iulizwe pia watoto wameandikwa kwenye bima ya nani na kadi zao ziko kwa nani.

Kuhusu shule, ada imefutwa katika shule za serikali tangu 2016, ila sare, viatu, madaftari na michango ya chakula vinabaki kwa mzazi, na karibu vyote hudaiwa Januari, wakati mshahara wa Desemba umeshaliwa na sikukuu. Mama aliyehama Agosti na kuweka 40,000 kila mwezi kuanzia mwezi huo hadi Desemba atakuwa na 200,000. Januari hiyo mdogo naye anaanza darasa la awali, na wengi hudhani kwamba hapo 80,000 za dada zitaokolewa. Watoto wa awali hurudi nyumbani mchana, mama anatoka kazini jioni, kwa hiyo mstari huo ubaki palepale na sare ya pili iongezwe.