Harusi ya Agosti jijini Nairobi: kupanga ratiba kwa kurudi nyuma, kutoka siku ya ndoa hadi arubuni ya kwanza

Wachumba wengi ninaowapangia harusi huja na orodha inayoanzia leo: wiki hii watafute gauni, mwezi ujao waangalie bustani, kisha wafikirie kadi. Orodha ya namna hiyo haiwezi kuwaonyesha kama wamechelewa, kwa kuwa haijafungwa kwenye tarehe isiyosogea. Mimi huanza na siku ya ndoa na kurudi nyuma, nikiuliza kwa kila jambo ni lipi lazima liwe limekamilika kabla yake, mpaka nifike kwenye jambo ambalo halisubiri lingine lolote. Hilo ndilo la kulipiwa kwanza, na mara nyingi silo lile ambalo wachumba walikuwa wameanza nalo.

Mfano tutakaoufuata ni wa wachumba wanaofunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 2026 katika parokia ya Kikatoliki karibu na katikati ya jiji, kisha wageni 250 wanakwenda kula katika bustani moja ya Karen. Bibi harusi alibatizwa Nyeri, na jambo hilo litakuwa na uzito wake baadaye.

Hatua ya kwanza: tengeneza jedwali la safu sita

Fungua lahajedwali katika simu au kompyuta. Safu ya A ni jina la jambo, B ni tarehe ambayo lazima liwe limekamilika, C ni siku za kulifanya, na D ni siku za akiba. Safu ya E iache wazi kwa sasa. Katika safu ya F andika fomula hii:

```
=MIN(B2-C2-D2,E2)
```

Jibu ni tarehe ya mwisho ya kuanza. Ikiwa utaona nambari kama 46172 badala ya tarehe, hakuna kilichoharibika. Badilisha tu muundo wa safu hiyo uwe wa tarehe na utasoma 30 Mei 2026.

Siku za akiba zisigawiwe kila jambo kwa usawa. Ziweke pale ambapo kazi iko mikononi mwa mtu usiyeweza kumharakisha, kama ofisi ya parokia, mchapishaji wa kadi, au wageni wenyewe. Jambo unaloweza kulimaliza mwenyewe kwa jioni moja halihitaji akiba, na ukiliwekea, jedwali litakutisha bure.

Hatua ya pili: rudi nyuma kutoka kwenye sahani

Ninaanza na chakula kwa sababu ndicho chenye mnyororo mrefu kuliko vyote, ingawa wengi hukiona kama jambo la wiki za mwisho. Mpishi katika mfano wetu anataka idadi kamili ya wageni wiki mbili kabla ya harusi, yaani Jumamosi tarehe 8 Agosti, kwa kuwa baada ya hapo anaagiza nyama na kupanga wahudumu. Ili uwe na idadi hiyo, wageni wanapaswa kuwa wamethibitisha kufikia tarehe 1 Agosti, kisha wiki moja inayobaki itumike kuwapigia simu wale walionyamaza, ambao hawakosekani na mara nyingi ni jamaa wa karibu wanaoamini kwamba wao hawahitaji kuthibitisha.

Wageni wanahitaji kama wiki sita kati ya kupokea mwaliko na kujibu, hasa wale wanaotoka nje ya Nairobi, kwa hiyo kadi ziwe zimetoka tarehe 20 Juni. Kuchapisha kunachukua wiki mbili, na wiki moja ya akiba ni ya kusahihisha majina ya wazazi, ambayo ndiyo hukosewa zaidi. Tumefika tarehe 30 Mei. Lakini kadi haichapishwi bila mahali na saa, kwa hiyo kufikia siku hiyo mkataba wa bustani lazima uwe umetiwa sahihi na saa ya misa iwe imeandikwa katika daftari la parokia.

Tazama kilichotokea: tulianza na idadi ya sahani, na sasa tumesimama kwenye bustani, wiki kumi na mbili kabla ya harusi. Mtu angeweza kusema basi tutalipia bustani mwezi wa Mei. Hapo ndipo jedwali lenye safu ya E tupu linapodanganya.

Hatua ya tatu: ongeza tarehe ya soko

Tarehe tuliyoipata ni ya mantiki tu. Inaeleza kazi zako zinavyofuatana, wala haijui lolote kuhusu wachumba wengine. Agosti ni mwezi wa likizo za shule na mvua ni haba, kwa hiyo harusi nyingi za Nairobi huangukia hapo. Agosti ya 2026 ina Jumamosi tano pekee, na bustani nzuri kwa kawaida hupokea harusi moja kwa siku. Kwa hiyo bustani moja ina nafasi tano kwa mwezi mzima.

Safu ya E ni ya tarehe ambayo baada yake huenda usikipate unachokitaka hata kama kazi zako zingeruhusu kusubiri. Huipati kwa kukisia. Piga simu kwa bustani tatu au nne unazozifikiria, na badala ya kuuliza kama tarehe 22 iko wazi tu, uliza ni Jumamosi ngapi za Agosti zimekwisha kuchukuliwa. Ukiambiwa mbili kati ya tano, bado una muda wa kutembelea na kulinganisha. Ukiambiwa nne, tarehe yako ya soko ni wiki hii. Kwa Agosti na Desemba mimi huandika miezi tisa kabla, na kwa mfano wetu hiyo ni tarehe 22 Novemba 2025. Fomula huchagua iliyo mapema kati ya tarehe mbili, na bustani inaruka kutoka Mei hadi Novemba.

Mpiga picha, mshereheshaji na mpambaji wanaingia katika kundi hilohilo, kwa sababu kila mmoja anaweza kuiuza kila Jumamosi mara moja tu. Viti, mahema na magari havimo, kwa kuwa jiji lina vingi na miezi mitatu inatosha.

Hatua ya nne: kanisa, na tarehe zenye ncha mbili

Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Tukitaka yaishe karibu wiki mbili kabla ya harusi, yatasomwa tarehe 26 Julai, 2 Agosti na 9 Agosti. Chukulia kwamba parokia inataka hati zote kufikia tarehe 10 Julai, na kwamba masomo ya ndoa ni Jumamosi kumi. Ikiwa kuna kundi linaloanza Januari na lingine tarehe 18 Aprili, hili la pili litamaliza tarehe 20 Juni, na kwa hesabu linatosha. Mimi ningechagua la Januari, kwa sababu anayekosa vipindi huambiwa arudie na kundi linalofuata, na baada ya lile la Aprili hakuna lingine litakalokuokoa.

Cheti cha ubatizo ndicho kinachowashangaza wengi. Parokia haitaki kile cha zamani kilichohifadhiwa nyumbani. Inataka nakala mpya kutoka parokia ya ubatizo, ambayo kwa desturi haipaswi kuwa imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya ndoa. Bibi harusi wetu akienda Nyeri mwezi wa Desemba wakati wa sikukuu, kwa kuwa atakuwa huko hata hivyo, atarudi na cheti kitakachokuwa kimepitwa na wakati. Kwake kuna tarehe ya mwisho, 10 Julai, na pia tarehe ya mwanzo, 22 Februari. Jambo la namna hii liongezee safu ya G yenye maneno "si kabla ya".

Ndoa ya kiserikali ina ncha mbili vilevile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka notisi itolewe si chini ya siku 21 na si zaidi ya miezi mitatu kabla ya ndoa. Kwa tarehe 22 Agosti, dirisha linafunguka 22 Mei na kufungwa 1 Agosti. Lakini kwa kuwa hiyo ni Jumamosi, hesabu Ijumaa ya tarehe 31 Julai kuwa siku yako ya mwisho.

Hatua ya tano: linganisha na mfuko

Kando ya kila tarehe ya safu ya F andika kiasi cha arubuni, kisha andika ni nani atakilipa. Kamati ya harusi kwa kawaida huanza kukutana miezi mitatu hivi kabla ya siku yenyewe, na michango mingi huingia katika wiki za mwisho. Maana yake ni kwamba arubuni ya bustani, ya mpiga picha na ya mpambaji zinatoka mfukoni mwa wachumba, na kamati hulipa masalio. Ukiona mwezi mmoja una arubuni tatu ambazo mishahara yenu haiwezi kuzibeba, anza na bustani, kisha mwombe mpambaji asubiri. Mpambaji unaweza kumbadilisha bila kugusa kadi, lakini bustani huwezi.

Hatua ya sita: panga jedwali kwa safu ya F na usome mstari wa juu

Sasa panga kuanzia tarehe ya mapema zaidi. Bustani iko juu na tarehe yake ya 22 Novemba, lakini bado inasubiri kitu: mkataba wake hutaja saa za kuingia na kutoka, na saa hizo hutegemea misa. Misa ya saa nne asubuhi inawafikisha wageni Karen mchana na kuwaruhusu kumaliza kabla ya jua kuzama, yapata saa kumi na mbili na nusu. Misa ya saa saba mchana inahitaji taa, na kwa baridi ya Agosti, mahema yenye kuta. Kwa hiyo parokia inatangulia, tarehe 15 Novemba. Nayo parokia haiendewi kabla wazee wa pande mbili hawajakubaliana kuhusu tarehe, jambo ambalo kwa familia nyingi hufanyika siku ya ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Basi ruracio iwe imefanyika Oktoba.

Ikiwa mstari wowote unaonyesha tarehe iliyokwisha kupita, usiibe siku za akiba ili uonekane sawa. Badilisha namna ya kulifanya jambo lenyewe. Mwaliko ukitumwa kwa WhatsApp badala ya kuchapishwa, wiki tatu zinarudi. Gauni la kukodi linafuta miezi miwili ya fundi. Kama ni bustani iliyokwama, uliza kuhusu Ijumaa ya tarehe 21 kabla ya kuhama Karen, ila kwanza hakikisha parokia inafungisha ndoa siku hiyo.

Parokia ikishaandika tarehe na saa, nenda bustanini ndani ya wiki hiyohiyo. Novemba ni msimu wa mvua za vuli, hivyo utaona mahali maji yanapotuama na kama magari yanakwama langoni. Kabla ya kulipa, mkataba utaje siku na tarehe, saa ya wapambaji kuingia, saa ya kutoka, masharti ya kurudishiwa arubuni, na kama mpishi wa nje anaruhusiwa, kwa sababu bustani isiyomruhusu hubadilisha mstari wa kwanza kabisa tuliouandika, ule wa idadi ya sahani.