VLC bila kutafuta faili la kupakua

Kama umezoea kupakua faili la kusakinisha kwenye tovuti na kubofya hadi mwisho, kwenye Ubuntu kazi hiyo hufanywa na kidhibiti vifurushi kiitwacho `apt`. Ukitaka VLC, programu ya kuchezea video na muziki, fungua terminal na uandike:

```
sudo apt update
sudo apt install vlc
```

Amri ya kwanza haisakinishi wala kusasisha programu yoyote; inaleta tu orodha mpya ya vilivyomo kwenye hazina za Ubuntu, yaani maghala yake ya programu mtandaoni. Ya pili inasoma orodha hiyo, inaangalia VLC inategemea vifurushi gani vingine, inapakua vile usivyokuwa navyo, inahakiki kuwa havijachezewa, kisha inavisakinisha vyote. Kifurushi kimoja kinaweza kutumiwa na programu nyingi, badala ya kila moja kuja na nakala yake.

Ukiona `Unable to locate package`, huenda umekosea jina au umeruka amri ya kwanza.

Baadaye `sudo apt upgrade` husasisha kwa mkupuo vyote vilivyotoka hazinani (hapo ndipo `apt` iliponivutia mimi). Ila toleo la hazinani linaweza kuwa la zamani kuliko la tovuti ya watengenezaji, na programu uliyoisakinisha bila kupitia hazina yoyote inayojulikana na `apt`, `apt` haitakusasishia.